Tenki la Chilangala Lilivyojaa Kwenye Skrini

Meneja aliniita asubuhi ya Jumatano akaniambia niandae maelezo ya nusu saa kwa mkutano wa mchana uleule. Alitaka wenzangu waelewe kinachotokea kila mara skrini ya mapokezi inapojihuisha, tangu takwimu zinapochukuliwa mpaka zinapotangazwa, hatua kwa hatua.

"Lakini usituletee mambo ya kompyuta," akasema.

"Ni mambo ya kompyuta, bosi."

"Ndiyo maana nakuambia usituletee."

Ofisi yetu ya maji ilikuwa Newala mjini. Mimi nilitokea Masasi, upande wa Lisekese, na kila Jumapili jioni nilipanda uwanda wa juu kwa pikipiki nikiwa na begi moja. Siku za mwanzo nilidhani kazi yenyewe ndiyo ngumu. Kumbe kazi ilikuwa nyepesi. Kigumu kilikuwa kuwaeleza watu ambao hawakutaka kuelewa bali kuonekana wameelewa.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Makampuni ya simu yaligombania miinuko ya kusimika minara, na sisi wa maji tuliambiwa tujiendeshe kibiashara. Vioski vya maji vijijini, ambavyo zamani vilisimamiwa na kamati, vilitolewa kwa zabuni kwa mtu mmoja mmoja. Neno "mteja" liliingia kwenye barua zetu kabla maji hayajaingia kwenye bomba la huyo mteja. Na kwa kuwa taasisi ya kisasa lazima iwe na kitu kinachowaka ukutani, tukafungiwa skrini kubwa mapokezi. Ilionyesha majina ya vijiji, kila kimoja na tenki lake, na ndani ya kila tenki rangi ya buluu iliyopanda na kushuka. Wageni waliipiga picha. Wateja waliokuja kulalamika walikaa chini yake, wakaitazama, wakanyamaza.

Kabla ya skrini, zamu za kusukuma maji zilipangwa na fundi mmoja mzee tuliyemwita Mzee wa Zamu. Maji yanatoka bondeni Kitangari, yanapandishwa na pampu hadi juu, na huko juu hayatoshi vijiji vyote kwa siku moja. Mzee alikuwa na simu ya mezani na daftari. Kila asubuhi aliwapigia wahudumu wa matenki mmoja mmoja: "Kwako kukoje?" Akiambiwa kukavu, anaandika zamu, akiambiwa kuna kitu, anasogeza mbele. Skrini ilipokuja alinyang'anywa laini ya simu, akaambiwa aangalie ukutani kama watu wengine. Tenki linaloonekana chini ya nusu lipewe zamu, linaloonekana limejaa lisipewe.

Sababu ya mkutano ilikuwa Chilangala. Jumatatu meneja alikuwa amempeleka mgeni mkubwa kutoka mkoani akaone mafanikio. Kabla ya kuondoka alitazama skrini: Chilangala, asilimia tisini na saba, imehuishwa saa nne kamili. Walipofika wakakuta foleni ya madumu imezunguka kioski mara mbili, bomba linatoa upepo. Mgeni alifungua koki mwenyewe, akaifunga, akapangusa mkono kwa leso ingawa haukuwa umelowa. Hiyo leso ndiyo iliyomuuma meneja.

Kwa akili yake jambo lilikuwa wazi. Skrini ilisema limejaa. Skrini inapata kipimo kwa mhudumu. Tenki ni tupu. Basi mhudumu anatuma uongo ili afiche anakopeleka maji. Aliporudi ofisini siku hiyo akaniuliza kama mfumo una hitilafu, nilifungua kumbukumbu za programu, nikaona kila hatua imemalizika salama, nikaandika karatasi yenye sentensi moja: mfumo hauna tatizo. Niliiandika haraka, kwa kiburi cha mtu anayeijua kazi yake. Jioni hiyohiyo barua ya kumnyang'anya kioski mhudumu huyo, mama mmoja wa Chilangala, ikachapwa, na karatasi yangu ikabanwa nyuma yake kama ushahidi.

Afisa biashara alikuwa tayari ana mtu wa kukichukua. Afisa huyu alikuwa kijana mwenye simu mbili, zote akizitumia kuwaambia watu atawapigia. Mkutano wa Jumatano ulipangwa ili mama aitwe, aelezwe mashine inavyofanya kazi, aone hana pa kujificha, asaini barua. Maelezo yangu ya nusu saa yalikuwa kamba ya kumfungia, na mimi sikuwa nimelitambua hilo mpaka nilipoingia chumbani nikamkuta ameketi karibu na mlango, kitenge kimefungwa vizuri, kandambili zina vumbi jekundu la njia nzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye mashine?"

"Ndiye mimi."

Alinitazama kama mtu anavyotazama mbuzi aliyekula mihogo yake.

Tulikuwa watano: meneja kwenye kiti cha mbele, afisa biashara, Mzee wa Zamu aliyekaa dirishani, mama wa Chilangala, na mimi nikiwa nimesimama na karatasi nilizochapa. Nikaanza na saa. Nikasema ndani ya kompyuta kuna ratiba. Kila nusu saa inaamsha programu yangu, mchana na usiku, pawe na mtu ofisini au pasiwepo.

"Ikishaamka inakwenda kuangalia matenki," afisa biashara akasaidia.

"Haiendi popote."

"Namaanisha kwa mtandao. Inaangalia kwa mtandao."

"Haiangalii tenki hata moja. Haijawahi kuona tenki."

Meneja akageuka. Miezi saba alikuwa amekaa chini ya ile skrini akiamini kuna jicho kila kijiji. Na si yeye peke yake. Afisa biashara alikuwa na tabia ya kubonyeza kitufe cha kupakia upya ukurasa kwenye kompyuta yake, mara kumi, mara kumi na tano, akiamini anayahimiza maji yapande. Nilimwona akifanya hivyo kwa nguvu zaidi siku za jua kali.

Nikawatoa chumbani hadi kwenye kabati la koridoni, nikafungua kufuli, nikawaonyesha modemu: kidude cha ukubwa wa kiberiti chenye laini ya simu ndani. Mama alikuja nyuma yetu bila kuitwa. Nikasema, hiki ndicho kinachopokea. Mhudumu akipima tenki lake anatuma ujumbe mfupi wa simu wenye vitu viwili tu, namba ya tenki na kipimo kwa sentimita. Hatua ya kwanza ni kuchota: programu inauliza modemu, je, tangu ujumbe wa mwisho niliouchukua, umekuja mwingine? Ukiwepo inauchukua. Usipokuwepo inaendelea na kipimo kilekile cha mwisho.

"Hata kama ni cha jana?" akauliza Mzee wa Zamu.

"Hata kama ni cha jana."

"Na pale skrini inaandika saa ya leo."

"Inaandika saa ya kuhuisha. Si saa ya kupima."

Mzee akacheka kimyakimya, mabega tu. "Kwa hiyo unanipa uji wa jana kwenye bakuli la leo."

Meneja akasema tusitoke nje ya mada. Tukarudi tukakaa.

Hatua ya pili, nikasema, ni kukagua. Programu inaangalia kama namba ya tenki ipo kwenye orodha yetu, na kama kipimo ni tarakimu, si maneno. Kisha inaangalia kama kipimo kinawezekana. Tenki la Chilangala lina kimo cha sentimita mia tatu. Mtu akituma mia tano, ujumbe unawekwa pembeni, hauingii. Akituma chochote kati ya sifuri na mia tatu, unapita.

"Hapo ndipo uongo unapokamatwa," akasema meneja, akimtazama mama.

"Hapo linakamatwa lisilowezekana," nikasema. "Uongo unaowezekana unapita."

Hakupenda. Lakini aliandika kitu kwenye shajara yake, na nilipochungulia niliona ameandika "uongo = unakamatwa", akapigia mstari. Nilifanya kazi na huyo mtu miaka minne.

Hatua ya tatu ni kukokotoa. Programu inachukua kipimo, inakigawa kwa kimo cha tenki, inapata asilimia. Hatua ya nne ni kutengeneza ukurasa, lakini pembeni, kama rasimu, bila mtu kuuona. Ikiwa hatua yoyote ya nyuma imekwama, rasimu inatupwa na ukurasa wa zamani unabaki ukutani na saa yake ya zamani. Rasimu ikikamilika ndipo inakuja hatua ya tano, kutangaza: ukurasa mpya unawekwa mahali pa ule wa zamani kwa mara moja, ili mtu asione nusu ya huu na nusu ya ule. Skrini ya mapokezi, ambayo kila dakika inauomba ukurasa ulipo, inauchukua na kuuonyesha. Mwisho programu inaandika kwenye kumbukumbu imefanya nini na saa ngapi, inalala.

"Basi?" akauliza afisa biashara. Alionekana kama mtu aliyelipia kiingilio cha sinema akaonyeshwa ukuta.

"Basi."

"Sasa mimi nilidhani kuna setilaiti."

Nikachukua mfano wenyewe. Nikaweka mezani karatasi ya ujumbe wote wa Chilangala tangu mwanzo na kusoma wa Jumatatu. Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, simu ya mama ilituma mia mbili tisini. Saa nne kamili programu iliamka ikauchota. Namba ya tenki ipo, kipimo kiko chini ya mia tatu, umepita. Mia mbili tisini gawanya kwa mia tatu, asilimia tisini na saba. Ukurasa ukatengenezwa, ukatangazwa. Hatua zote safi.

"Mama, umesikia," meneja akasema kwa sauti ya hakimu aliyeshiba. "Ujumbe huu ulituma wewe au hukutuma?"

"Nilituma."

"Mia mbili tisini?"

"Mia mbili tisini. Na Jumapili mia mbili themanini na nane. Na Jumamosi vilevile. Siku nane natuma namba za namna hiyo. Na simu nimepiga mara tatu, huyu kaka ananijibu." Akamnyooshea afisa biashara kidevu. "Namwambia tenki kavu, ananiambia, mama, tenki lako limejaa, kagua koki. Nikamwambia njoo ukague wewe. Akasema atanipigia."

Afisa biashara akatazama simu yake moja, halafu ya pili.

"Sasa kama kavu," meneja akasema, "kwa nini ulituma mia mbili tisini?"

"Ndiyo kamba ilivyoshuka."

"Kamba gani?"

"Ya kupimia! Napanda ngazi, natelemsha kamba yenye nati mwishoni mpaka iguse maji. Natia alama ukingoni, naivuta, naipima kwa futi ya fundi cherehani. Mia mbili tisini. Maji yako chini kabisa, yanalamba sakafu. Nyinyi mlikuwa mnapima nini?"

Mzee wa Zamu alikuwa ameshainuka dirishani. Yeye ni mtu wa uwandani, amekulia kwenye nyumba yenye kisima cha kuvunia maji ya mvua uani, na pale juu kila mtu hupima kisima chake hivyohivyo: si maji ni mangapi, bali kamba inakwenda umbali gani kuyafuata. Kamba ikiwa fupi, mwaka ni mzuri. Ikirefuka, mnaanza kuoga kwa kikombe. Wanawake wa uwandani hawana sababu yoyote ya kupima vinginevyo, na mimi mtu wa Lisekese, ambako maji yako karibu, sikuwa na sababu yoyote ya kulijua hilo isipokuwa ile moja ya kuuliza.

Niliichukua karatasi nikaisoma upya kuanzia mwanzo, safari hii kwa macho yangu badala ya macho ya programu. Wiki za mwanzo alituma ishirini, kumi na tano, ishirini na mbili. Skrini ilionyesha Chilangala karibu tupu, na Chilangala ikapewa zamu juu ya zamu. Tenki lilifurika. Nakumbuka kijijini watu walifyatua matofali kwa maji yaliyomwagika, na hakuna aliyekuja kulalamika, nani alalamike? Kisha pampu moja Kitangari ikaharibika siku kadhaa. Maji yakashuka, kamba ikarefuka, namba ikapanda. Na kadiri tenki lilivyokauka ndivyo skrini ilivyolijaza. Ilipotimu mia mbili themanini, Chilangala ikaondolewa kwenye zamu. Isingerudi tena. Tenki lingekauka mpaka nyufa, sisi tukiwa mapokezi tunalitazama limejaa.

"Mtu anayeiba maji," Mzee wa Zamu akasema polepole, kama anayemweleza mtoto, "hawezi kutuma kwamba tenki limejaa, bosi. Limejaa maana yake usiniletee. Mwizi gani anajinyima?"

Hilo lilikuwa mbele yetu tangu Jumatatu. Halikuhitaji kompyuta.

Meneja akakohoa. "Lakini hakufuata mwongozo. Kwenye semina tulielekeza kina cha maji kutoka sakafuni, na kila kijiji kilipewa fimbo yenye alama. Hilo ni kosa la mhudumu."

"Semina gani?" mama akauliza.

Semina ilifanyika Masasi, kwenye ukumbi wa hoteli, na mimi ndiye niliyefundisha. Nikaenda kabatini nikaleta karatasi ya mahudhurio. Mbele ya Chilangala palisainiwa na mwanamume. Nikamwonyesha mama.

"Huyu ni shemeji yake mwenyekiti wa kijiji," akasema. "Alikwenda kula wali. Aliporudi alinipa kikaratasi chenye namba ya tenki na namba ya kutumia meseji, akasema kila siku tuma sentimita. Fimbo sijaiona." Akafikiri. "Ile nyeupe yenye mistari myekundu? Imeegemeza mpapai wake."

Mzee wa Zamu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama mbele ya ukumbi ule siku nzima, nimewaona waliohudhuria, wanaume watupu wenye mashati yaliyopigwa pasi, na nilijua kabisa wanaopanda ngazi za matenki vijijini ni wanawake. Niligawa fimbo, nikasainisha, nikarudi. Kisha nikaandika kwamba mfumo hauna tatizo.

Nikasema hivyo mezani. Sikusema kwa ushujaa, nilisema kwa sababu barua ilikuwa pale na karatasi yangu imebanwa nyuma yake. Nikaomba nirudishiwe karatasi yangu. Meneja akasema waraka ukishaingia kwenye faili haurudi. Nikasema basi naandika nyingine ya kuikanusha, nayo itaingia kwenye faili, na nakala itakwenda kwa yule mgeni wa mkoani. Leso ikamrudia kichwani, niliona usoni. Akaivuta barua taratibu, akaiweka chini ya shajara yake, akasema suala la kioski limeahirishwa mpaka hapo itakapoamuliwa vinginevyo.

"Habari ya kuahirishwa siijui," mama akasema. "Kioski ni changu au si changu?"

"Ni chako, mama," akasema Mzee wa Zamu.

"Namuuliza huyu aliyeandika barua."

Meneja akatazama dirishani. "Ni chako."

"Na maji?"

Mzee hakusubiri ruhusa. Alichukua simu ya mezani ya meneja, mbele ya meneja, akapiga Kitangari kwenye pampu, akaongea Kimakonde kifupi chenye ukali ndani yake, akakata. Akamwambia mama zamu ya usiku ule ni ya Chilangala na kesho mchana vilevile. Mama akasema atabaki ofisini mpaka pampu iwake. Akakaa mapokezi, ameipa skrini mgongo, mpaka mzee alipopigiwa kwamba valvu ya kwenda kwao imefunguliwa.

Wiki iliyofuata niliongeza safu moja kwenye ukurasa: kipimo kilichukuliwa lini, na nani. Niliongeza pia kanuni kwamba kipimo kikizidi siku moja rangi ya buluu iwe kijivu. Siku ya kwanza vijiji sita vilikuwa kijivu. Meneja akaniita akasema ukurasa unaonekana mchafu, niondoe. Kijivu nilikitoa, safu niliiacha kwa maandishi madogo, naye hakuiona kwa sababu hakuwahi kusoma ukurasa ule, alikuwa akiutazama tu. Ripoti yake ya robo mwaka ilieleza kwamba ofisi, kwa juhudi zake, imegundua na kurekebisha changamoto ya kiufundi Chilangala. Afisa biashara aliendelea kubonyeza kitufe.

Kwa mama nilipeleka fimbo mpya mwenyewe, kwa pikipiki, na nikapanda ngazi naye. Alinionyesha kamba yake kwanza. Ilikuwa nzuri kuliko fimbo, inashuka wima, na nati yake ikigusa maji unaisikia. Nikamwambia kama anapenda aendelee na kamba, nitaongeza mstari mmoja kwenye hatua ya kukokotoa, mia tatu toa kipimo chake. Akasema hapana, wakibadilisha mhudumu kesho nani atakumbuka kwamba Chilangala inahesabiwa kwa kutoa. Hilo ni jibu ambalo ningependa kulisikia kutoka kwa mtu yeyote wa ofisi yetu, walau mara moja.

Nilikuwa na fomu ambayo meneja alisisitiza isainiwe, ya kuthibitisha kwamba mhudumu amepewa mafunzo. Aliisoma pale juu ya tenki, karatasi ikipepea, mkono mmoja ameshika ukingo.

"Aliyefundishwa hapa ni nani?" akauliza.

"Wanataka saini tu, mama."

"Nakuuliza wewe."

"Ni mimi."

Akanipa kalamu.